Kanga, leso au nguo ya asili? Namba, safu na maneno ya kusajili vitu vya makumbusho

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi kwenye makumbusho madogo ya jamii hapa pwani, tuna vitu kama 400. Tumerithi madaftari mawili, na yote mawili yanaanzia namba 1. Kitu cha aina ile ile mmoja kaandika kanga, mwingine leso, mwingine nguo ya asili. Sasa tumeanza kuingiza kwenye Excel. Namba tuzipange vipi, safu zipi ziwepo, na maneno tuyachague kwa utaratibu gani?

Jibu: Marahaba. Simamisheni kwanza kazi ya kuchapa mpaka muamue mambo haya matatu. Namba ikishaandikwa juu ya kitu, kwenye daftari, kwenye picha na kwenye barua ya shukrani kwa mtoaji, kuibadilisha huchukua miezi, na hapakosi mahali patakaposahaulika.

Tuanze na namba. Ninachoshauri ni namba isiyosema lolote kuhusu kitu chenyewe, ila kiliingia mwaka gani na katika pokezi lipi. Makumbusho mengi duniani hutumia namba ya sehemu tatu zinazotenganishwa kwa nukta: mwaka wa kupokelewa, namba ya pokezi ndani ya mwaka huo, kisha namba ya kitu ndani ya pokezi hilo. Pokezi ni kila mara mnapopokea kutoka chanzo kimoja kwa wakati mmoja. Familia ikileta sanduku lenye vitu tisa, hilo ni pokezi moja lenye vitu tisa, hata kama kimoja ni kinu na kingine ni picha.

Najua kuna kishawishi cha kutengeneza namba kama LM/NG/KN/57, yaani Lamu, nguo, kanga, ya 57. Mwanzoni inapendeza kwa kuwa inasomeka. Lakini mwaka unaofuata mtoto wa mtoaji anakuja kuwaambia kwamba ile nguo mama yake aliinunua Mombasa, au mtu anayejua nguo anaigusa na kusema hiki ni kitenge. Namba sasa ina uongo ndani yake, nanyi mna njia mbili tu: kuuacha uongo au kuvunja namba. Mahali, aina na matumizi vina safu zake, na safu hurekebishwa bila kugusa utambulisho wa kitu.

Tuchukue mfano wa kubuni lakini wa kawaida kabisa kwetu. Mwezi wa Machi 2023 familia moja inaleta vitu vya mama yao marehemu: kanga doti moja, kinu na mchi wake, na mbuzi ya kukunia nazi. Ni pokezi la saba la mwaka huo. Pokezi lote ni 2023.007. Kanga ni 2023.007.001, kinu na mchi ni 2023.007.002, mbuzi ni 2023.007.003. Kinu na mchi ni kitu kimoja chenye sehemu mbili zinazoweza kutengana, kwa hiyo kinu kinakuwa 2023.007.002a na mchi 2023.007.002b. Mbuzi ina ulimi wa chuma uliopigiliwa kwenye mbao, hautoki, basi haigawanywi. Doti ya kanga inahitaji kuangaliwa: kama vipande viwili bado havijakatwa, hicho ni kitu kimoja na namba moja. Kama vimekatwa, ni a na b. Kama kimefika kipande kimoja tu, msiweke a kwa kutumaini b italetwa siku moja. Andikeni kwenye maelezo kwamba ni kipande kimoja cha doti.

Mmeona nimeandika 007 na 001 badala ya 7 na 1. Kwenye daftari la mkono sufuri hizo hazina kazi kubwa, lakini kwenye kompyuta zinawaokoa mara mbili. Kwanza ni mpangilio: bila sufuri, 2023.10 hupangwa kabla ya 2023.2. Pili, na hapa ndipo nimeona kumbukumbu nyingi zikiharibika, Excel ikikutana na namba ya sehemu mbili kama 2023.10 hudhani ni tarakimu ya kawaida, inakata sufuri ya mwisho na kubakiza 2023.1. Pokezi la kumi linageuka kuwa pokezi la kwanza, wala hakuna onyo lolote linalotokea. Kwa hiyo kabla ya kuchapa chochote, chagueni safu yote ya namba na kuipa muundo wa Text. Kumbukeni pia kwamba mkihifadhi faili kama CSV na kulifungua tena, muundo huo haupo tena na kosa linaweza kurudi. Baada ya kuingiza, wekeni fomula hii kwenye safu ya pembeni, mkichukulia namba ziko safu A:

```
=COUNTIF(A:A,A2)
```

Kila mahali inapotoa zaidi ya 1, mna vitu viwili vyenye namba moja. Itumieni kwa namba kamili za sehemu tatu. Za sehemu mbili fomula hii huzihesabu kama tarakimu hata zikiwa na muundo wa Text, na itawaambia kwamba 2023.1 na 2023.10 ni sawa.

Madaftari mawili ya zamani msiyaguse. Msifute, msisahihishe kwa kalamu juu ya maandishi ya wenzenu, wala msiwape vitu vya zamani namba mpya za mwaka huu kana kwamba vimeingia leo. Lipeni daftari la kwanza herufi A na la pili herufi B, na mtangulize herufi hiyo: 57 ya daftari la kwanza ni A.057, ya daftari la pili ni B.057. Tofauti ni ya wazi, na mtu akishika kitu chenye 57 iliyofifia anajua ana sehemu mbili tu za kutafuta. Namba kamili ilivyoandikwa juu ya kitu, hata ikiwa na makosa, iingie kwenye safu yake ya "namba za awali", pamoja na namba za maonyesho, za mikopo na za mwenye mali aliyetangulia.

Kisha fanyeni ukaguzi wa pande zote mbili. Mmoja achukue kitu rafuni na kutafuta mstari wake daftarini. Mwingine aanze na mstari wa daftari na kutafuta kitu rafuni. Upande wa kwanza huonyesha vitu visivyoandikwa, wa pili huonyesha vilivyopotea, na mkifanya mmoja tu hamtaona nusu ya matatizo. Kitu kisicho na namba na kisichopatikana daftarini kipewe namba ya muda yenye alama tofauti kabisa, mfano X.2024.001, iandikwe kwenye kibandiko cha kufunga kwa uzi na si juu ya kitu. Mara nyingi baada ya wiki kadhaa kitu hicho hupata mwenzake kati ya mistari ya "havijaonekana". Kikikosa kabisa, mnakisajili rasmi kwa namba ya mwaka huo mkieleza kwamba kimekutwa ndani ya mkusanyo na chanzo chake hakijulikani. Na kitu kikitolewa kwenye mkusanyo au kikipotea, namba yake haipewi kitu kingine kamwe. Vya kuazima pia visiingie kwenye mfululizo huu, kwa sababu namba ya usajili ina maana ya kisheria: inasema kitu ni mali ya makumbusho. Vya mkopo vipeni mfululizo wake wenye herufi, na vibaki huko mpaka virudishwe.

Kuhusu safu, watu wengi huanza na arobaini halafu thelathini zinabaki tupu. Mimi ningeanza na hizi: namba, namba za awali, jina la kitu, maelezo mafupi, malighafi, mbinu ya utengenezaji, vipimo, maandishi na alama, alama za kipekee, tarehe, mahali, aliyetengeneza kama anajulikana, namna kilivyopatikana, chanzo, tarehe ya kupokelewa, hali yake, mahali kilipo sasa, na jina la aliyeandika na siku aliyoandika. Sehemu kubwa ya hizo inalingana na Object ID, kiwango kilichozinduliwa mwaka 1997 mahsusi ili kitu kikiibwa kiweze kutambuliwa. Leo kinasimamiwa na ICOM, baraza la kimataifa la makumbusho.

Safu ya alama za kipekee ndiyo wengi huiruka, nami naomba msiiruke. Hapa haiandikwi "kigango cha mbao chenye nakshi". Huandikwa ufa ulipo na urefu wake, pembetatu ya tatu iliyomeguka, doa la upande wa kushoto. Mnakijua kisa cha vigango vya Wamijikenda, nguzo za mbao zilizochongwa kuwakumbuka wafu. Mtafiti mmoja alipiga picha mwaka 1985 za vigango viwili vya familia moja, baadaye vikaibwa, na miaka mingi baadaye vikaonekana katika makumbusho mawili ya Marekani. Picha ile ndiyo iliyothibitisha kwamba ni vile vile, na mwaka 2007 vikarudishwa kwa familia. Vigango vingine vingi vilivyoko nje havina picha ya namna hiyo wala mstari wa daftari unaotaja kijiji kilikotoka, na ndiyo sababu kuvirudisha mahali pake halisi ni kazi ngumu hata pale makumbusho yanapokubali kuvitoa. Pigeni picha kila kitu pande zote, na namba ionekane ndani ya picha.

Rudini sasa kwenye kanga yetu, kwa sababu inaonyesha vizuri kwa nini safu moja haitoshi pale inapoonekana inatosha. Mahali, kwa mfano. Familia inasema ni "kanga ya Lamu". Lakini kwenye nguo kuna alama ya K.H.E. na maneno MALI YA ABDULLA. Hiyo ni alama ya wafanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, na inawaambia nguo ilipitia mikono gani sokoni. Haiwaambii ilichapishwa wapi, kwa kuwa kanga nyingi zilichapishwa India, Japani na Ulaya kisha zikauzwa huku. Basi mnahitaji safu tatu: mahali ilipotengenezwa, ambapo mtaandika "haijulikani" mpaka mpate ushahidi. Mahali ilipotumika, Lamu. Mahali ilipopatikana na makumbusho, ambako huenda ni Malindi kwa sababu familia ilihamia huko. Daftari la zamani likiwa na neno moja tu, "Lamu", hamwezi kujua ni lipi kati ya matatu. Liacheni kwenye safu ya "maelezo ya awali" bila kulitafsiri.

Tarehe nayo ni hivyo hivyo. Msiandike "ya zamani" wala "miaka ya sabini hivi". Wekeni safu mbili za tarakimu, mwaka wa mapema kabisa na mwaka wa mwisho kabisa, na safu ya tatu ya maneno. Familia ikisema mama aliinunua kwa ajili ya harusi yake mwaka 1972, mwaka wa mwisho wa kutengenezwa ni 1972, huo ni thabiti kadiri simulizi ilivyo thabiti. Mwaka wa mapema ni makadirio yenu, tuseme 1960, na kwenye safu ya maneno mnaeleza: "Mwaka wa mwisho kwa simulizi ya mtoaji, wa mapema ni kadirio la mwandishi." Mkipanga vitu kwa tarakimu hizo, vyote vya kabla ya uhuru vinajitokeza bila mtu kusoma mstari mmoja mmoja.

Maandishi ya kanga, yaani jina lake, yanakiliwa jinsi yalivyochapishwa, na makosa yake ya tahajia. Kama imechapishwa WEMA HAUWOZI, andikeni hivyo hivyo. Kwenye safu ya pili andikeni kwa tahajia ya leo, wema hauozi, ili anayetafuta aipate. Jina likiwa la hati za Kiarabu, nakilini kwa hati hiyo, kisha weka herufi za kirumi kwenye safu ya pili. Anayesahihisha moja kwa moja kwenye safu ya kwanza amefuta ushahidi, kwa sababu kosa la mchapaji lenyewe linaweza kumsaidia mtu kuoanisha kanga mbili za chapa moja.

Sasa maneno. Kosa la kwanza ni kudhani kuchagua neno moja ni kusema mengine si sahihi. Kanga na leso yote ni sahihi, na mama wa Mombasa hatageuza lugha yake kwa sababu yenu. Mnachochagua ni neno litakaloingia kwenye safu ya jina la kitu kila mara, na maneno mengine yote mnayahifadhi kwenye orodha yakiwa yanaelekeza kwenye hilo. Kila neno teule liwe na mambo manne. Mfano wa kwenu ungesomeka hivi: neno teule ni *kanga*. Yanayoelekeza kwake ni *leso*, *khanga*, na *nguo ya asili* pale mlipothibitisha kwa macho. Kundi la juu yake ni *nguo na mavazi*. Na maana ya kazi: nguo ya pamba ya mstatili yenye pindo pande zote nne na mji katikati, mara nyingi yenye jina, huuzwa kwa doti, na haijumuishi kitenge wala kikoi.

Sentensi ya mwisho, ya kisichojumuishwa, ndiyo inayozuia ugomvi. Vitenge vina michoro inayojirudia bila pindo la kuzunguka nguo nzima. Bila kuandika hilo, mfanyakazi mpya ataingiza kitenge chenye rangi kali kwenye kanga na kwa miaka hesabu yenu ya kanga itakuwa si ya kweli. Jaribio la maana nzuri ni rahisi: mpe mtu ambaye hakuiandika vitu vitano, vikiwemo viwili vya mpakani, aone kama atavipanga kama nyinyi.

Kwenye malighafi, shukeni ngazi hadi pale macho yenu yanapofika na si zaidi. Hapa ndipo tunapojidanganya sana pwani: kila kiti cheusi kinaandikwa mpingo, na kila cheupe kinachong'aa kinaandikwa pembe ya ndovu. Mbao nyingine hupakwa rangi ziwe nyeusi, na mfupa uliosuguliwa unafanana na pembe. Orodha yenu iwe na ngazi: *mbao*, na chini yake *mpingo*, *mvule*, *msaji*. *Malighafi ya mnyama*, na chini yake *mfupa*, *pembe*, *pembe ya ndovu*. Asiye na uhakika anachagua neno la juu. "Mbao" ni jibu la kweli ambalo mtaalamu wa mbao atalijaza kesho, ila "mpingo" wa kukisia hakuna atakayeuuliza tena. Kitu chenye malighafi mbili, kama mbuzi yetu, kiandikwe *mbao; chuma*, kwa nukta-mkato ile ile kila mara, si mara koma mara "na".

Kuna maneno ya madaftari ya kikoloni ambayo hamtayaweka kwenye safu ya jina: majina ya dharau kwa makabila, "uchawi" kwa kila kitu cha mganga. Lakini msiyafute kwenye chanzo. Yaingie kama yalivyo kwenye safu ya maelezo ya awali, mkitaja daftari na ukurasa, kwa sababu mara nyingine neno hilo baya ndilo kiungo pekee kati ya kitu na barua ya aliyekichukua. Jina teule litoke kwa wenye kitu: kigango, si "sanamu ya kaburi".

Msianze orodha kutoka patupu. ICOM ilitoa mwaka 1996 mwongozo wa kumbukumbu uliotayarishwa pamoja na makumbusho ya Afrika. Ipo pia AAT, orodha kubwa ya istilahi za sanaa na usanifu ya taasisi ya Getty, inayosomwa bure mtandaoni. Kila dhana ya AAT ina namba yake, hivyo mnaweza kubaki na Kiswahili chenu kwenye neno teule na kuongeza safu ya namba hiyo pale dhana inapolingana kweli. Isipolingana, achieni wazi. Kulazimisha mbuzi ya nazi iingie kwenye dhana ya kifaa cha jikoni cha Ulaya kwa sababu tu kina namba ni kupoteza kitu mlichokijua vizuri.

Kwenye Excel, orodha ya maneno teule iwe kwenye karatasi yake ya kazi, na safu ya jina ifungwe kwa `Data Validation`, chaguo la `List`, ili mtu achague asichape. Kabla ya kufunga, safisheni yaliyokwisha kuingia: neno "kanga" lenye nafasi tupu mwishoni kompyuta huliona neno jingine, na `=TRIM(C2)` huiondoa. Mtu mmoja tu awe na ruhusa ya kuongeza neno jipya. Wengine wakikosa neno wachague la kundi la juu na kuacha pendekezo, nanyi mkutane mara moja kwa mwezi kuamua.

Kuandika namba juu ya vitu, kwa ufupi. Kwenye mbao, udongo uliochomwa na chuma kisicho na kutu, pakeni tabaka jembamba la vanishi ya akriliki iitwayo Paraloid B-72 iliyoyeyushwa kwenye asetoni, liache likauke, andika kwa wino wa rangi isiyofifia, kisha tabaka jingine juu. Mbao zinyonyazo huhitaji tabaka mbili za chini. Chagueni mahali pasipoonekana kwenye maonyesho na pasiposuguliwa, na pigieni mstari chini ya 6 na 9. Kanga isiguswe na wino wala gundi: namba iandikwe kwenye utepe wa pamba, nao ushonwe kwa mishono michache kwenye ukingo. Karatasi na picha, kwa penseli laini nyuma. Rangi ya kucha, wino wa kusahihishia na vibandiko vya gundi viondoeni kabisa mezani. Plastiki msiipake Paraloid, kwa kuwa asetoni huiyeyusha, ifungieni kibandiko cha uzi.

Anzeni na vitu 20 tu, vya aina mchanganyiko. Watu wawili waviandike kila mmoja peke yake bila kutazamana, kisha wekeni majedwali yao pamoja mstari kwa mstari. Safu mliyotofautiana sana haina maana iliyoandikwa vizuri, au neno linakosekana kwenye orodha. Rekebisheni kanuni, mrudie na vitu 20 vingine, na tofauti zikibaki kwenye maelezo mafupi tu, endeleeni na 360 vilivyobaki. Chapeni kila mwezi nakala ya karatasi na aliyeingiza aisaini, na faili lenyewe likae pia kwenye diski iliyo nje ya jengo.